Seva ya Kwanza na Seva ya Akiba: Maana Halisi ya Istilahi Mbili

Katika dirisha la Windows la kuandikia anwani za kompyuta mna maneno mawili yanayomsumbua mfasiri: `Preferred DNS server` na `Alternate DNS server`. La pili likifasiriwa "seva saidizi", msomaji atadhani kwamba seva hizo mbili hufanya kazi bega kwa bega. Sivyo ilivyo, na kosa hilo la maana huweza kuipotezea ofisi saa nyingi za kazi. Yafaa basi tuutazame utendaji wenyewe kabla ya kuchagua neno.

Mtandao hupeleka ujumbe kwa anwani za namba, lakini mtu huandika jina, kwa mfano `tznic.or.tz`. Seva ya majina ndiyo inayoulizwa namba ya jina hilo. Utaratibu huu ulibuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983, na ndio unaotumika hata leo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Ofisi moja ina makao Tarime na tawi Mugumu, wilayani Serengeti. Seva yake ya majina ilikuwa Tarime, kisha ikazimwa na kuondolewa, lakini orodha iliyomo katika kompyuta za Mugumu haikubadilishwa. Katika kompyuta ya Linux inayosoma faili `/etc/resolv.conf` moja kwa moja, orodha hiyo husomeka hivi:

```
nameserver 10.20.0.5
nameserver 10.20.4.1
```

Anwani ya kwanza ni ya seva iliyokufa. Ya pili ni ya seva iliyo hai hapo hapo Mugumu. Kompyuta huanza na ya kwanza. Hupiga hodi na kungoja. Seva iliyoondolewa haisemi "karibu" wala haisemi "hayupo". Ni kimya tu, na kompyuta haina njia ya kujua kama kimya hicho ni cha mauti au cha mwendo wa polepole. Linux, isipopewa agizo jingine, hungoja sekunde 5 ndipo iiendee ya pili. Windows kwa kawaida hungoja kama sekunde 1.

Ukurasa mmoja huweza kuhitaji majina kadhaa: la tovuti yenyewe, la mahali zinapotoka picha, na jingine linalojulikana baada ya hayo kupatikana. Yakifuatana matatu, kompyuta ile ya Linux itapoteza sekunde 15. Jina likiisha kupatikana, mara nyingi huhifadhiwa kwa muda. Kwa hiyo ukurasa ukifunguliwa tena punde baadaye huja upesi. Hii ndiyo dalili ya ugonjwa: tovuti mpya huchelewa kuanza, kisha hufunguka kwa kasi ya kawaida. Mtandao wenyewe ukiwa mzito, hata kupakua faili kungekuwa kwa polepole tangu mwanzo hadi mwisho.

Kuthibitisha ni rahisi. Kila seva iulizwe peke yake:

```
nslookup tznic.or.tz 10.20.0.5
nslookup tznic.or.tz 10.20.4.1
```

Katika Windows, ikiwa amri ya kwanza italeta maneno `DNS request timed out`, na ya pili ikajibu mara moja, mkosaji amejulikana.

Tiba ni kuiondoa anwani iliyokufa mahali orodha inapotoka. Kwa kawaida orodha hugawiwa na kifaa kinachozipa kompyuta anwani zao kwa utaratibu wa `DHCP`. Mtu akisahihisha kompyuta moja tu, nyingine zitaendelea kupokea orodha ile ile mbovu. Zile zilizoandikwa kwa mkono hazina budi kurekebishwa moja moja.

Wako watakaoona njia ya mkato: kuweka mwanzoni seva ya umma iliyo nje ya ofisi, na ya ndani iwe ya pili. Hapa ndipo maana ya istilahi inapodhihirika. Seva ya umma haiyajui majina ya ndani ya ofisi. Itajibu kwamba jina halipo. Hilo ni jibu, si kimya. Kompyuta ikiisha kujibiwa haiulizi tena kwingine, na mtumishi ataambiwa kwamba hifadhi ya majalada ya ofisi haipo, ingawa iko chumba cha pili.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza "seva ya kwanza" na "seva ya akiba". Akiba haiguswi ila cha kwanza kinapokosekana. Wala haiulizwi kwa kuwa jibu la kwanza halikupendeza. Kwa muda wa kukaa kimya kabla ya kuiendea akiba tunapendekeza "muda wa kungoja". Mwalimu akiyafundisha maneno haya pamoja, mwanafunzi atafahamu kwamba akiba huiokoa ofisi isikatikiwe, lakini haiiondolei kuchelewa.