Njia ya Uzi: Kwa Nini Kanga Huchuruka, Fulana Huvutika na Mfuko Husimama

Chukua kanga na fulana, zote za pamba tupu. Vuta kanga kwa urefu wake: haitoi chochote. Vuta fulana kwa upana: inatanuka, na ukiiachia inarudi. Kata kipande kutoka kila moja ukifue. Kanga itatoka na ukingo uliojaa nyuzi zinazoning'inia. Ukingo wa fulana utakuwa umejikunja tu. Pamba ni ile ile. Kinachotofautiana ni njia ambayo uzi umepita ndani ya kitambaa, na kitu kinachoushika usitoke. Ukikijua hicho, unaweza kusema kitambaa kitafanya nini kabla fundi hajashika mkasi.

Nyuzi zinazokatizana

Kanga, kitenge, kikoi, shuka na jinzi ni vitambaa vya mtande na mshindio. Mtande ni nyuzi za urefu, zinazokazwa kwanza kwenye kitanda cha mfumi. Mshindio ndio uzi unaopitishwa kukatiza, juu ya mmoja na chini ya mwingine. Kila uzi umekaa karibu kunyooka, kwa hiyo ukiuvuta kwa mwelekeo wake hauna akiba ya urefu. Upande wa mshindio kwa kawaida hutoa kidogo zaidi, kwa kuwa mtande ulikuwa umekazwa na mshindio ndio uliolazimika kujipinda.

Lakini vuta kanga hiyo hiyo kwa mshazari, kona kwa kona. Inarefuka na kuwa nyembamba. Nyuzi zenyewe hazijarefuka. Zimegeuka tu pale zinapokatizana, na vimiraba vilivyo katikati yake vimelala upande. Kugeuka huku ndiko kunakokifanya kitambaa kianguke vizuri na kufuata mviringo wa nyonga. Mwanamitindo Madeleine Vionnet wa Paris alijijengea jina katika miaka ya 1920 na 1930 kwa magauni yaliyokatwa kwa mshazari, yaliyolala mwilini ingawa kitambaa chake hakikuwa cha kuvutika. Mkato huo una gharama yake. Uzito wa gauni huendelea kuivuta mishazari, na sketi hushuka zaidi sehemu moja kuliko nyingine. Ndiyo maana fundi makini hulitundika gauni la namna hiyo kwa siku nzima au zaidi, kisha ndipo husawazisha upindo.

Kuchuruka nako kunatokana na kukatizana huko. Nyuzi hazikufungwa popote. Zinashikana kwa msuguano tu. Ukikata sambamba na mshindio, uzi wa mwisho kabisa unabaki umeshikwa upande mmoja, na kufua mara moja kunatosha kuutoa. Kisha wa pili yake hufuata. Satini huchuruka haraka kuliko kanga kwa sababu uzi wake huruka juu ya nyuzi kadhaa kabla ya kuzama, tena ni mtelezi. Kwenye doti ya kanga, pande ndefu hazina tabu kwa kuwa hapo mshindio uligeuka na kurudi ndani. Pande fupi, palipopita mkasi, ndizo zinazopindwa. Matamvua ya kikoi ni mtande ulioachwa bila mshindio, kisha ukasokotwa na kufungwa ili mshindio wa mwisho usipate pa kutokea.

Uzi wa vitanzi

Fulana, sweta na soksi hazina mtande wala mshindio. Uzi hukunjwa kuwa kitanzi, na kila kitanzi huvutwa kupitia kilichotangulia. Ukivuta kitambaa, vitanzi hubadili umbo: vinalala na kutanuka, au vinasimama na kurefuka. Akiba ya urefu ambayo kanga haina imo ndani ya mikunjo hiyo. Kwenye fulana ya kawaida akiba kubwa iko upande wa upana, na kwa hiyo mikato hupangwa upana huo uzunguke mwili.

Kwa kuwa vitanzi hujikunja kirahisi kila upande, kitambaa hiki huanguka laini na kuonyesha umbo lililo chini yake. Udhaifu wake ni kurudi. Pamba haina nguvu kubwa ya kuvirudisha vitanzi mahali pake, na ndiyo sababu shingo ya fulana hulegea. Viwanda huweka hapo utepe wa mbavu, mara nyingi wenye nyuzi chache za mpira wa spandeksi.

Ukingo wa fulana hauchuruki kama wa kanga, kwani kila kitanzi kimefungwa na jirani zake. Hatari iko kwingine. Uzi mmoja ukikatika katikati, kitanzi kilichokosa mshiko huteleza, kinachofuata nacho huteleza, na ngazi hushuka kama inavyoonekana kwenye soksi ndefu za nailoni. Sindano kali ya cherehani inaweza kuanzisha ngazi hiyo kwa kuukata uzi. Tumia sindano yenye ncha ya mviringo, ambayo huusukuma uzi kando.

Nyuzinyuzi zilizoshikamanishwa

Kundi la tatu halina uzi uliosokotwa kabisa. Tazama mfuko mbadala uliojaa sokoni Tanzania baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Plastiki ya polipropilini huyeyushwa, huvutwa kuwa nyuzinyuzi nyembamba, hutawanywa ovyo juu ya mkanda, kisha hupitishwa kati ya rola za moto. Vidoti unavyoviona juu ya mfuko ni mahali rola zilipozishikamanisha kwa joto.

Hapa hakuna uzi wa kuchomoka, kwa hiyo ukingo hauhitaji kupindwa. Lakini vidoti hivyo vinazuia nyuzinyuzi zisigeuke wala kuteleza, na mfuko unasimama wenyewe, ukikunjwa unabaki na alama. Ukiuvuta kwa nguvu hutoa kidogo, kisha huchanika au hubaki umelegea. Pasi ya moto wa pamba huuyeyusha. Si kila kitambaa cha kundi hili ni kikavu hivyo: lubugo ya Buganda, inayotengenezwa kwa kugonga gome la ndani la mti wa mutuba kwa nyundo za mbao, hulainika vya kutosha kuvaliwa.

Mfano wa shingo

Tuseme mteja ameleta fulana anayoipenda na anataka gauni la kitenge lenye shingo kama ile. Kichwa chake kina mzingo wa sentimita 57, na shingo ya fulana ni sentimita 48. Fulana inaingia kwa kuwa shingo yake hutanuka kwa moja ya tano, ikafika karibu 58. Shingo ya kitenge ya sentimita 48 itabaki 48, na gauni halitapita kichwani. Fundi lazima atanue shingo, aweke zipu au apasue mgongoni. Ukingo wa mviringo aushone kwa utepe uliokatwa mshazari, kwani utepe ulionyooka hautapinda bila kukunjamana. Akigeuza kazi, akashona fulana kwa mshono wa kawaida ulionyooka, kitambaa kitatanuka na uzi wa mshono utakatika. Fulana inataka zigizaga au ovaloki.

Dukani, vuta kitambaa pande tatu: urefu, upana na mshazari. Kikikataa urefu na upana lakini kikakubali mshazari, ni cha mtande na mshindio. Nunua na nafasi ya upindo. Kikitanuka vizuri kwa upana na ukingo ukajikunja, ni cha vitanzi. Angalia kama kinarudi ukikiachia. Kikibaki kikavu pande zote na ukingo usitoe uzi hata ukiukwaruza kwa kucha, ni cha kushikamanishwa, na mahali pake ni ndani ya kola au kwenye mfuko, si kwenye sketi unayotaka ianguke.