Maharage na Kabichi Bila Tumbo Kujaa Gesi

Gesi inayojaa tumboni baada ya mlo wa maharage hutokana na sukari zilizomo ndani ya punje, hasa rafinosi na stakiosi. Mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzivunja, kwa hiyo hupita utumbo mwembamba zikiwa nzima mpaka utumbo mpana. Huko bakteria huzichachua, na mchachuko huo hutoa hidrojeni, kaboni dioksidi na, kwa baadhi ya watu, methani. Bahati nzuri ni kwamba sukari hizi huyeyuka kwenye maji. Maji yaliyolowekea maharage yakimwagwa, sehemu yake huenda nayo. Yakipikiwa, zote hurudi mezani.

Kwa nusu kilo ya maharage mekundu, punje huchambuliwa, huoshwa, kisha hulowekwa jioni katika lita mbili za maji. Kabla ya kulala maji hayo humwagwa na kuwekwa mengine. Asubuhi punje huwa zimevimba karibu mara mbili na maganda yamenyooka. Zilizobaki na makunyanzi hazijapata maji ya kutosha. Penye joto kali, kama Dar es Salaam au Mombasa, maji yakianza kutoa mapovu na harufu ya uchachu, muda umepita kiasi. Ni afadhali yabadilishwe mapema zaidi. Asiyekuwa na usiku mzima huweza kuyachemsha maharage dakika mbili au tatu, kuyaepua, kuyafunika kwa saa moja, na kuyamwaga maji hayo. Katika njia zote mbili, baadhi ya vitamini na madini hupotea pamoja na sukari, ila kwa mtu anayesumbuliwa na tumbo hasara hiyo inavumilika.

Baada ya kuoshwa tena, maharage huwekwa maji mapya na kuchemshwa kwa moto mkali, yakitokota kwelikweli, kwa dakika zisizopungua 10. Hatua hii haihusu gesi peke yake. Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili iitwayo lektini, ambayo huleta kichefuchefu na kutapika saa chache baada ya kula, na moto mdogo usiofikia kuchemka hauiharibu. Mpishi huweza kuyamwaga maji hayo pia, kisha akaongeza mengine ya moto, kwa sababu ya baridi hukatisha mchemko. Ndipo moto hupunguzwa.

Maharage yaliyoiva hupimwa kwa vidole: punje ikibonyezwa hupondeka yote, bila kiini kigumu katikati. Wapishi wengi huishia punje inapopasuka ganda, ilhali ndani bado ni ngumu, na punje ya namna hiyo humsumbua mlaji zaidi. Nyanya, ndimu na ukwaju huchelewesha kulainika, kwa hiyo huingia mwishoni. Magadi hulainisha haraka, lakini hutosha kiasi cha ncha ya kijiko. Yakizidi, mchuzi huwa na ladha ya sabuni na vitamini B1 huharibika.

Viungo vina sifa kubwa kuliko kazi yake. Bizari nyembamba, tangawizi, shamari na mvuje haviondoi sukari yoyote kwenye maharage. Vinachosaidia, kwa baadhi ya watu, ni kulegeza misuli ya utumbo ili gesi iliyopo itoke bila kusokota. Tangawizi iliyopondwa na kijiko kimoja cha chai cha bizari nyembamba, zikikaangwa kwenye mafuta na kuongezwa kabla ya tui, zinatosha kwa nusu kilo. Kitunguu saumu ni kisa kingine: kina fruktani, ambazo nazo huchachuliwa na bakteria. Anayekirundika kwa nia ya kupunguza gesi huenda anaiongeza.

Kabichi nayo ina rafinosi kidogo, nyuzinyuzi nyingi na kemikali zenye salfa, ambazo ndizo chanzo cha ile harufu ya mayai viza. Hailowekwi. Hukatwa nyembamba, mshipa mgumu wa katikati ukaondolewa, ikachemshwa dakika tano kwenye maji mengi, ikachujwa, ndipo ikakaangwa na vitunguu mpaka shina lake lichomeke kwa uma bila nguvu. Kabichi mbichi ya kachumbari ndiyo inayowasumbua wengi, hasa ikiliwa sahani moja na maharage.

Anayeanza kula maharage baada ya muda mrefu huanza na vijiko vichache kila siku chache, maana matumbo mengi huzoea katika wiki kadhaa. Tumbo linalojaa hata bila vyakula hivi, au linaloambatana na kupungua uzito, damu kwenye choo au maumivu yasiyokoma, linahitaji daktari.