Breka ya 32 kwenye waya wa 2.5

Jirani yangu alinitumia picha mbili kwa simu. Ya kwanza ilionyesha breka mpya kwenye boksi la umeme la nyumba yake, ya pili waya unaotoka kwenye breka hiyo kwenda kwenye hita ya kuogea. Hita ilikuwa ikimsumbua. Wakioga watu wawili watatu mfululizo asubuhi, breka ya zamani, ya ampea 20, ilijikata. Fundi akaja, akaitoa, akaweka kubwa zaidi, na tangu siku hiyo umeme haujakatika tena bafuni. Swali la mama huyu lilikuwa fupi: "Mwanangu, hapa pako salama?"

Hapakuwa salama, na ushahidi wote ulikuwa umeandikwa kwenye zile picha.

Tuanze na breka. Usoni pake palikuwa na maandishi makubwa C32, chini yake 230/400 V, na ndani ya kijisanduku kidogo namba 6000. Watu wengi hukimbilia hiyo 6000 kwa sababu ndiyo kubwa, wakadhani ni wati. Wanapiga hesabu kwamba hita yao ni ya wati 5500, kwa hiyo breka ya 6000 inaitosha na kubaki. Sivyo. Ile ni ampea 6000, kiasi cha juu kabisa cha umeme ambacho breka inaweza kukikata bila yenyewe kuharibika pale nyaya mbili zinapogusana na kupiga shoti. Haisemi lolote kuhusu hita.

Kinachosema ni 32. Hizo ndizo ampea ambazo breka huzipitisha saa zote bila kujikata. Herufi C inaeleza ni mshtuko wa ukubwa gani unaoikatisha papo hapo: kwa C ni kati ya mara tano na mara kumi ya namba inayofuata, yaani ampea 160 hadi 320. Huo ni umeme wa shoti. Mzigo uliozidi kidogo tu hauikatishi papo hapo. Breka za nyumbani zinazotengenezwa kwa kiwango cha kimataifa hupimwa hivi: ikipitishiwa mara 1.13 ya namba yake, isijikate ndani ya saa nzima. Ikipitishiwa mara 1.45, ijikate kabla saa haijaisha. Kwa breka ya 32, maana yake ni kwamba ampea 36 zinaweza kupita kwa saa nzima nayo imetulia, na hata ampea 46 zinaweza kupita kwa muda mrefu kabla haijashtuka.

Sasa waya. Kwenye ganda lake palisomeka 2.5 mm² na 450/750 V. Hapa pia namba kubwa ndiyo inayopotosha. Volti 450/750 ni nguvu ya ganda la plastiki kuzuia umeme usivuje. Umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230, kwa hiyo ganda hilo linatosha kabisa, lakini halituambii waya unaweza kubeba mzigo kiasi gani. Hilo tunalipata kwenye 2.5, unene wa shaba kwa milimita za mraba. Waya wa shaba wa unene huo, wenye ganda la kawaida la PVC, ukipita ndani ya bomba lililozikwa ukutani, hubeba ampea 24 kama hewa inayouzunguka ni nyuzi 30. Bomba la jirani yangu linapanda kwanza darini, chini ya bati. Darini Dar es Salaam mchana nyuzi 40 ni jambo la kawaida, na kwa joto hilo uwezo wa waya unashuka hadi kama ampea 21.

Ya tatu ya kusoma ni hita yenyewe, nami nilimwomba anipigie picha ya kibandiko chake: 220 V, 5500 W. Gawanya wati kwa volti, unapata ampea 25. Kwa kuwa umeme wetu ni 230, hita huvuta zaidi kidogo ya hapo, kama ampea 26.

Weka namba hizo tatu pamoja. Hita inavuta 26, waya unamudu 21, breka inaruhusu 32. Breka ya zamani ilikuwa ikijikata kwa haki, kwa sababu kazi yake ni kuulinda waya, wala si kuihudumia hita. Fundi alichokiona kama ubovu wa breka kilikuwa ni onyo kuhusu waya, naye akaliondoa onyo akauacha waya.

Je, nyumba ingeungua siku ileile? La, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Joto ndani ya waya huongezeka kwa mraba wa ampea, kwa hiyo kutoka 21 hadi 26 joto linalozalishwa linapanda kwa nusu nzima. Ganda la PVC limekusudiwa kuvumilia nyuzi 70. Hita ikiwashwa mfululizo mchana, waya ule darini unaweza kupita nyuzi 80. Mtu mmoja akioga dakika kumi hutaona kitu. Familia nzima ikioga kwa zamu kila siku, ganda linakauka, linakuwa gumu, na mwisho linapasuka. Dalili za mwanzo huonekana kwenye viungio: plastiki iliyogeuka rangi ya kahawia karibu na skrubu za breka, harufu kama ya samaki au ya plastiki iliyoungua, uso wa breka wenye moto kiasi cha kutoshikika.

Tiba haikuwa kurudisha breka ya 20, kwani ingeendelea kujikata. Waya ndio ulipaswa kubadilishwa. Wa milimita 4 ungebeba kama ampea 28 kwenye dari lile. Hita ingeridhika, lakini breka ya 32 ingebaki kubwa kuliko waya. Wa milimita 6 unabeba kama 35. Hapo mpangilio unakaa sawa: mzigo 26, breka 32, waya 35. Breka iwe juu ya mzigo na chini ya waya.

Picha ina mipaka yake. Haionyeshi kama skrubu zimekazwa, wala kama waya mnene unaoonekana kwenye boksi umeunganishwa na mwembamba katikati ya njia. Haionyeshi pia kama shaba ni shaba. Zipo nyaya za alumini zilizopakwa shaba juu, ambazo hubeba umeme pungufu hata zikiandikwa 2.5, ncha ikikwaruzwa kwa kisu, ndani huonekana nyeupe. Na breka ya aina hii, hata iwe sahihi, haimwokoi mtu aliyepigwa na umeme akiwa kwenye maji. Kwa hita ya kuogea panatakiwa pia kifaa cha kukata umeme unaovuja, kilichoandikwa 30 mA au 0.03 A, pamoja na waya wa athi uliofika kweli kwenye hita.

Kama fundi amewahi kukubadilishia breka kuwa kubwa zaidi bila kugusa waya, usiiwashe hita hiyo. Piga picha ya breka, ya maandishi ya waya na ya kibandiko cha kifaa, kisha umwonyeshe fundi mwenye leseni ya EWURA, au ya EPRA kama uko Kenya, na umtake akutajie zile namba tatu kabla hajafungua mfuko wake wa vifaa.