Walinitukana kwa pilau ya mbuzi

Niliweka YouTube video ya pilau ya mbuzi niliyopika nikiwa nimevaa dera, kichwa wazi. Kulipokucha maoni yalikuwa yamejaa matusi. Mmoja aliyeniita malaya nilimjibu kwa hasira, kisha nikabandika tusi lake juu kabisa ili watu wamwone alivyo. Lilikuwa kosa. Maoni yaliyobandikwa ndiyo ya kwanza kusomwa, kwa hivyo kila mgeni alianza na lile tusi, na wengine wakaongeza yao.

Nililitoa, nikaandika maoni yangu mwenyewe: vipimo vya mchele na viungo, na mstari mmoja kwamba matusi yatafutwa. Nikagusa nukta tatu kando yake, halafu "Pin". Video moja hubeba maoni moja tu yaliyobandikwa, kwa hivyo chagua yale unayotaka mgeni akutane nayo.

Kisha nikafungua YouTube Studio kwenye kompyuta, "Settings", kwenye kisanduku cha "Blocked words". Maneno hutenganishwa kwa koma:

```
malaya, malayaa, m@laya, umalaya, mbuzi
```

Maoni yenye maneno hayo hayaonekani kwa watu mpaka uyakague. Sikutegemea mashine ijue Kiswahili chetu, ndiyo maana umalaya nililiandika peke yake. Lakini tazama lile neno la mwisho. Waliniita mbuzi, nami nikalifungia, nikasahau nimepika nini! Siku mbili nikashangaa mbona hakuna anayeuliza kuhusu nyama. Nilipofungua "Held for review" nikakuta wateja wangu wote humo, wakiuliza mbuzi achemshwe muda gani. Nikaliondoa.

Kwa yule mmoja aliyerudi kila siku, chujio halikusaidia, maana alijua kutukana kwa maneno safi. Huyo nilimfanyia "Hide user from channel". YouTube haimpi taarifa. Huendelea kuandika akidhani anasomwa, kumbe wengine hawamwoni. Naona ni afadhali kuliko kumzuia mtu waziwazi akajua, akarudi na jina jipya siku hiyo hiyo.

Hata hivyo alirudi, wiki ya pili. Nilimtambua kwa namna anavyoandika "weye dada". Safari hii aliandika kwamba anajua ninapouzia viazi karai, na saa ninayofunga. Hapo sikugusa kitufe chochote. Nilipiga picha ya skrini yenye jina la akaunti, maneno yake na tarehe, nikanakili na kiungo cha akaunti, ndipo nikamficha. Ukifuta kwanza, unabaki na hadithi tu mdomoni.

Nilikwenda kituo cha polisi na picha hizo zikiwa zimechapishwa. Sheria ya mwaka 2018 ya matumizi mabaya ya kompyuta ina kifungu cha 27 kuhusu unyanyasaji wa mtandaoni, nami nilikitaja. Nilitoka na nambari ya OB. Jioni hiyo kakangu alikuja kunisaidia kufunga meza, na bado huja.