Risiti Kumi na Mbili, Faili Moja

Mhasibu anayepokea madai ya safari haanzi na risiti, anaanza na fomu. Anashuka nayo mstari kwa mstari, na kila mstari anatafuta karatasi inayouthibitisha. Kwa hiyo mpangilio sahihi wa risiti ndani ya PDF haufuati siku ulizoziskani, bali mistari ya fomu: risiti ya mstari wa tano ije baada ya ile ya mstari wa nne. Kazi kubwa basi ni kuzipa faili majina yanayofaa kabla ya kuziunganisha.

Tuchukue mtumishi anayetoka Dodoma kwenda Mbeya kupitia Iringa, tarehe 28 Machi hadi 2 Aprili 2025. Anarudi na risiti 12 za nauli, malazi, chakula, mafuta ya gari la kukodi na vifaa vya semina. Nyingi zimetoka kwenye mashine za EFD, ambazo karatasi yake haina wino. Ina tabaka linalogeuka jeusi likipata joto. Jua huyafifisha maandishi hayo, na joto la ndani ya gari lililofungwa vioo laweza kuitia weusi karatasi nzima. Ndiyo maana anaziskani kila jioni badala ya kungoja arudi, na ndiyo maana anaishia na faili 12 badala ya moja.

Hapo ndipo majina yanapomponza. Akiziita kwa tarehe kama tunavyoziandika kawaida, `28-03`, `29-03`, hadi `02-04`, programu itazipanga kwa kulinganisha herufi ya kwanza, kisha ya pili. Sifuri hutangulia mbili, basi risiti za Aprili zitakaa mbele ya za Machi, na safari itaonekana imeanzia Mbeya. Akiziita `risiti1` hadi `risiti12`, namba 10, 11 na 12 zitaingia kati ya 1 na 2. Kinachopoteza wengi ni kwamba dirisha la folda kwenye Windows huzionyesha kwa hesabu ya kawaida, 1, 2, 3 hadi 12, huku programu ya kuunganisha ikiweza kuzisoma kwa herufi. Unachokiona kwenye folda huenda kisiwe utakachokipata.

Dawa ni kujaza fomu kwanza, kisha kuipa kila faili namba ya mstari wake, kwa tarakimu mbili: `01-nauli.pdf`, `02-malazi.pdf`, hadi `12-vifaa.pdf`. Ankara ya hoteli yenye kurasa mbili, ikiwa umeiskani mara mbili, iwe `04a` na `04b`. Tarehe haina haja ya kuwemo kwenye jina. Imo kwenye risiti.

Kuunganisha kwenyewe ni kazi ya dakika chache. Baadhi ya programu za simu hufuata mpangilio uliogusa faili, kwa hiyo gusa `01` kwanza na ushuke taratibu bila kubonyeza “chagua zote”. Mwenye kompyuta ya Linux au Mac iliyowekwa qpdf aingie kwenye folda hiyo na kuandika:

```
qpdf --empty --pages 0*.pdf 1*.pdf -- madai.pdf
```

Nimeandika `0*` na `1*` kwa makusudi badala ya `*` peke yake. Ukirudia amri baada ya kusahihisha kitu, `madai.pdf` ya mwanzo itakuwa bado imo kwenye folda, na nyota tupu ingeichukua nayo kama risiti nyingine. Tovuti za bure za kuunganisha zipo pia, lakini mimi singezipelekea picha ya ujumbe wa malipo ya simu, kwa kuwa mara nyingi huonyesha na salio lako.

Sasa hesabu kurasa. Risiti 12, moja ikiwa na kurasa mbili, lazima zitoe kurasa 13. Zikiwa 12, ukurasa mmoja umeachwa. Zikiwa 14, kuna uliorudiwa. Kisha fungua fomu kando na upitie zote, kiasi kwa kiasi, ukigeuza kurasa zilizolala ubavu.

Risiti hafifu uitazame kwa ukaribu zaidi. Kichujio cha nyeusi na nyeupe ambacho programu za kuskani hupenda kukiweka hufanya karatasi ing'ae, lakini huweza kufuta tarakimu zilizokwisha kufifia. Ya kijivu au ya rangi ni salama zaidi. Kipimo kizuri ni msimbo wa QR ulio kwenye risiti ya EFD: uelekezee simu nyingine kwenye skrini. Ukisomeka, mhasibu naye ataweza kuihakiki risiti hiyo kwenye verify.tra.go.tz. Usiposomeka, skani tena hiyo moja, ihifadhi kwa jina lilelile, na urudie kuunganisha. Karatasi zenyewe zibaki kwenye bahasha, mbali na jua, zikiwa na namba zilezile kwa penseli mgongoni, kwani ofisi nyingi bado hudai nakala halisi.