Mkato Baada ya Herufi ya 17

Julai 2019, jijini Nashville, Marekani, Victoria Gray alirudishiwa seli zake mwenyewe kupitia mrija wa mshipani. Alikuwa ameishi na ugonjwa wa selimundu tangu utotoni, na akawa mtu wa kwanza nchini humo kutibiwa ugonjwa huo kwa seli zilizohaririwa kwa CRISPR. Maumivu makali yaliyokuwa yakimlaza hospitalini mara kwa mara yalikoma. Jambo la kushangaza ni kwamba kosa la kinasaba alilozaliwa nalo halikuguswa. Lipo palepale hadi leo, kwenye seli zilezile zilizomponya.

Kosa lenyewe ni dogo mno. Katika jeni inayotengeneza sehemu moja ya himoglobini, mahali panapopaswa kuandikwa GAG pameandikwa GTG. Ni herufi moja tu kati ya bilioni tatu zilizomo kwenye DNA ya binadamu, lakini mtu aliyeirithi kwa baba na kwa mama huwa na himoglobini inayogandamana na kuwa vijiti kila inapoachia oksijeni. Chembe nyekundu ya damu hujikunja kama mundu, hukwama kwenye mishipa midogo, na maumivu huanza.

Mtu angetarajia kwamba wanasayansi wangekwenda moja kwa moja kuibadili ile T iwe A. Hawakufanya hivyo, na sababu yao ndiyo inayofafanua CRISPR ni nini hasa. Magazeti hupenda kuiita kalamu ya kuandika upya vinasaba. Kalamu siyo. CRISPR ni panga lenye anwani. Hukata mahali lilipotumwa, kisha kazi yake imekwisha. Yatakayoandikwa kwenye jeraha hilo huandikwa na seli, kwa mazoea yake yenyewe.

Badala ya kulifuata kosa, watafiti walifuata jambo lililogunduliwa zamani. Mwaka 1948, daktari wa watoto Janet Watson wa New York aliona kwamba vichanga wenye selimundu hawana chembe nyingi zilizojikunja. Kinga yao ni himoglobini ya kijusi, aina ambayo mtoto huitumia akiwa tumboni na miezi michache baada ya kuzaliwa. Aina hiyo haigandamani kuwa vijiti, na huizuia ile yenye kosa isigandamane. Baadaye mwili huizima. Anayezima ni protini iitwayo BCL11A, ambayo kazi yake hiyo ilianza kueleweka mwaka 2008. Ukimnyamazisha mzimaji, himoglobini ya utotoni hurudi.

Lakini BCL11A hutumika pia kwenye ubongo na kwenye seli za kinga, kwa hiyo kuivunja jeni nzima ni hatari. Bahati nzuri, karibu na moyo wa jeni hiyo kuna swichi inayofanya kazi kwenye seli zinazoelekea kuwa chembe nyekundu tu. Swichi hiyo huwashwa na protini nyingine, GATA1, inayotua mahali palipoandikwa TTATC. Ukiharibu herufi hizo tano, swichi inakufa kwenye damu, na ubongo hauna habari.

Hapa ndipo RNA elekezi inapoingia. Ni uzi mfupi unaotengenezwa maabara, wenye herufi kama 100. Nyingi kati ya hizo ni mpini wa kushikwa na kimeng'enya kiitwacho Cas9, ambacho asili yake ni bakteria. Herufi 20 za mwanzo ndizo anwani. Katika tiba aliyopewa Gray, mahali palipolengwa panasomeka hivi, na alama ya wima inaonyesha penye mkato:

```
CTAACAGTTGCTTTTAT|CAC AGG
```

Herufi 20 za kwanza zimo pia kwenye RNA elekezi, ila kila penye T, RNA huandika U. Zile tatu za mwisho, AGG, hazimo. Hizo ni za DNA peke yake, nazo ndizo Cas9 inazoanza nazo.

Seli ina mita mbili hivi za DNA. Kama Cas9 ingefungua kila kipande ili kulinganisha herufi 20, ingechoka kabla ya kufika. Kwa hiyo huparamia huku na huku ikitafuta G mbili zinazofuatana. Isipozikuta huondoka papo hapo. Ikizikuta, huutenganisha ule uzi pacha wa DNA kidogo tu, jirani na GG, na kuiruhusu RNA ijaribu kushikana na uzi wa upande wa pili. Kushikana huanzia kwenye herufi za karibu na GG na kusonga nyuma moja baada ya nyingine, kama zipu. Herufi isiyolingana ikitokea mapema, zipu hukwama na Cas9 hujiachia. Zipu ikifika mbali vya kutosha, umbo la kimeng'enya hubadilika, na ndimi zake mbili hukaa tayari, kila ulimi ukikata uzi mmoja. Mkato huangukia herufi tatu kabla ya AGG, yaani baada ya herufi ya 17. Msomaji akirudi kwenye mstari ule ataona umepita katikati ya TTATC.

Sharti la GG lina historia yake. Bakteria hutumia mfumo huu kupambana na virusi. Huhifadhi vipande vya DNA ya virusi waliowahi kumshambulia, kisha hunakili RNA elekezi kutoka kwenye kumbukumbu hiyo. Kama panga lingetii herufi 20 pekee, bakteria angeikata kumbukumbu yake mwenyewe. Pembeni mwa vipande vilivyohifadhiwa hakuna alama ya GG inayotakiwa, na hilo humwokoa. Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walionyesha mwaka 2012 kwamba mfumo huo unaweza kurahisishwa na kuelekezwa popote kwa kubadili RNA tu, na mwaka 2020 wakapewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Sasa DNA imekatika nyuzi zote mbili. Kwa seli hii ni dharura, maana kromosomu iliyovunjika inaweza kuiua. Protini zenye umbo la pete huzivaa ncha mbili zilizo wazi ndani ya muda mfupi, huita nyingine za kusafisha ncha hizo, kisha kiunganishi huzigandisha. Ndivyo anavyofanya fundi wa umeme aliyekuta waya umekatika: huchuna ncha, husokota, hufunga. Umeme unarudi, ila waya umepungua kidogo.

Mara nyingine seli huunga bila kosa lolote. Hapo wengi hudhani mkato umepotea bure. La. Ukiungwa sawasawa, anwani inarudi kama ilivyokuwa, na Cas9 ambayo bado imo ndani ya seli hukata tena. Mzunguko huo huendelea mpaka seli ikosee: iongeze herufi moja, au ipoteze chache, au hata kumi na kitu. Hapo anwani haisomeki tena na panga halina pa kukata. Kwa swichi ya BCL11A karibu kosa lolote linafaa, kwa kuwa kinachotakiwa ni GATA1 ikose pa kutua.

Ipo njia nyingine ya ukarabati, ya uangalifu zaidi. Seli huchukua nakala nzima ya kipande kile na kuifuatisha herufi kwa herufi. Watafiti wanaweza kuipa nakala waliyoiandika wenyewe, yenye GAG badala ya GTG. Tatizo ni kwamba njia hii hutumika zaidi seli inapokuwa imeshanakili DNA yake ikijiandaa kugawanyika, na seli shina za uboho, zile zinazodumu miaka mingi, muda mwingi zimelala. Zikikatwa, nyingi huunga kwa njia ya haraka. Kwenye swichi haraka hiyo ni msaada. Kwenye jeni ya himoglobini yenyewe huacha jeni iliyovunjika, isiyotengeneza chochote. Jaribio moja la Marekani la kusahihisha herufi yenyewe lilisimamishwa Januari 2023, baada ya mgonjwa wa kwanza kukaa muda mrefu akiwa na upungufu wa seli za damu.

Maabara hujuaje kama mkato ulifanikiwa? Hunakili eneo hilo mara nyingi na kulisoma. Hadi karibu na herufi ya 17 nakala nyingi hukubaliana. Baada ya hapo huanza kutofautiana. Kwa Gray, takriban asilimia 83 ya nakala za swichi katika seli alizorudishiwa zilikuwa zimebadilika. Himoglobini yake ya kijusi ilipanda kutoka asilimia 9 hadi 43 katika miezi 15.

Wasiwasi mkubwa ni panga kukata pasipotakiwa. RNA elekezi huvumilia tofauti chache, hasa kwenye herufi zilizo mbali na GG, kwa hiyo wataalamu husaka kwa kompyuta kila mahali panapofanana na anwani. Lakini wanasaka kwenye DNA ya nani? Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba baadhi ya watu wenye asili ya Afrika wana tofauti ya herufi moja, ndani ya jeni iitwayo CPS1, inayozalisha alama ya GG mahali ambapo jenomu ya marejeo haina. Karibu nakala 4 hadi 5 kati ya kila 100 katika jamii hizo zina tofauti hiyo. Kwenye seli za mtu aliye nayo, RNA hii ileile ilisababisha mkato pale pia. Mkato huo huangukia sehemu ya jeni isiyotengeneza protini, na madhara yake hayajaonekana kwa wagonjwa. Hata hivyo, kwa tiba ambayo walengwa wake wakuu wana asili ya Afrika, swali hilo lilipaswa kuulizwa mwanzoni kabisa.

Tiba hiyo, iitwayo Casgevy, iliidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata. Kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa vya kutosha hadi wakati huo, 29 walikaa angalau mwaka mzima bila maumivu makali. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2, na sehemu ngumu kwa mgonjwa si CRISPR. Seli shina zake huvunwa, hupelekwa kiwandani, hupigwa mshtuko mfupi wa umeme ili Cas9 na RNA vipenye, na huweza kuchukua hadi miezi sita kabla ya kurudi. Zikiwa tayari, mgonjwa hupewa dawa kali ya kuua uboho wake wa zamani. Nywele huanyuka, kinga hushuka, na uwezo wa kuzaa unaweza kupotea. Wiki kadhaa hupita hospitalini, akingoja seli mpya ziote.

Tanzania, Uganda na Kongo ni miongoni mwa nchi ambako watoto wengi zaidi huzaliwa na selimundu. Dawa ambayo kliniki zao hutegemea ni kidonge cha haidroksiurea, kinachomezwa kila siku. Nacho huipandisha himoglobini ileile ya kijusi, ingawa si kwa kila mgonjwa na si kwa kiwango kama cha Gray.