Kayamba, Zumari na Swali la Nini Kinachotetema

Sengenya ya Wadigo, wenyeji wa Likoni na pwani ya kusini, hukutanisha ngoma, zumari, kayamba na njuga za miguuni. Mwanafunzi akiambiwa azipange ala hizo katika insha, mara nyingi huandika makundi matatu: za kupiga, za kupuliza na za nyuzi. Mpango huo una kasoro. Makundi mawili ya kwanza yanaeleza anachofanya mchezaji, la tatu linaeleza ala imeundwa kwa kitu gani. Tena kayamba haipigwi wala haipulizwi, na uzi haina.

Mwaka 1914 wataalamu wawili, Erich von Hornbostel wa Austria na Curt Sachs wa Ujerumani, walichapisha mpango unaouliza swali moja tu kwa kila ala: ni kitu gani kinachotetema kwanza hadi sauti itoke? Waliujenga juu ya kazi ya Victor Mahillon, mtunzaji wa makumbusho ya ala huko Brussels. Majibu yanayowezekana ni manne. Kikitetema kiwiliwili cha ala chenyewe, ala ni idiofoni. Ikitetema ngozi iliyowambwa, ni membranofoni. Ukitetema uzi uliokazwa, ni kordofoni. Ikitetema hewa, ni aerofoni. Baadaye Sachs aliongeza kundi la tano, la ala za umeme.

Tuanze na kayamba. Ni matete yaliyofungwa bapa katika tabaka mbili, na kati yake mna mbegu ngumu. Mchezaji huishika kwa mikono miwili na kuitikisa, mbegu zikapiga matete na kupigana zenyewe. Hakuna ngozi wala uzi, na hewa haipulizwi, kwa hiyo ni idiofoni. Mpango huipa namba 112.13, na kila tarakimu ina kazi yake. Moja ya kwanza ni idiofoni. Moja ya pili ni ala inayolia kwa kugongwa. Mbili inasema mchezaji mwenyewe hafanyi kitendo cha kugonga. Moja baada ya nukta ni kutikiswa, na tatu ni vitu vilivyofungiwa ndani ya chombo. Njuga, vikengele vyenye punje ndani, zinaangukia namba hiyo hiyo, ingawa moja iko mikononi mwa mpigaji na nyingine miguuni mwa mchezaji.

Kwa ngoma, hakikisha kwa kiganja. Mwenzako akipiga, weka kiganja juu ya ngozi: mlio unakufa. Ukikiweka kwenye mzinga wa mti, mlio hubadilika kidogo tu. Mzinga unakuza na kuunda sauti, lakini ngozi ndiyo chanzo, hivyo ngoma ni membranofoni. Tari lenye visahani vya shaba linadai majibu mawili, kwa kuwa ngozi inalia na shaba inalia. Mpango hauchagui mshindi, bali huandika namba zote mbili na kuziunganisha kwa alama ya kujumlisha.

Penye utata zaidi ni zumari. Mdomoni mwake mna vipande viwili vyembamba vya jani vinavyofunguka na kufumba kwa kasi mpulizaji anapopuliza. Anayeona vinatetema huweza kusema zumari ni idiofoni. Hata hivyo kazi ya vipande hivyo ni kuukata mkondo wa pumzi vipande vipande, na hewa iliyomo ndani ya bomba ndiyo inayotoa sauti. Mchezaji akifunua tundu, hewa hiyo hufupika na sauti hupanda. Ni aerofoni, tawi la 422, la ala za ulimi. Chivoti, filimbi ya Wadigo inayoshikwa kwa ubavu, ni aerofoni pia, lakini haina ulimi: mkondo wa pumzi hugonga ukingo wa tundu na kuyumba ndani na nje. Tawi lake ni 421.

Nje ya sengenya, kordofoni zina kipimo chao. Kibuyu cha zeze la mti kinaweza kuondolewa na uzi ukabaki umekazwa, ukalia kwa sauti hafifu. Udi wa taarabu hauwezi kutenganishwa na kasha lake bila kuvunjika. Ndiyo maana zeze hilo ni kordofoni sahili, 31, na udi ni kordofoni changamano, 32.

Basi katika insha kila ala ipewe mambo matatu: kinachotetema, kinachokifanya kitetemeke, na kinachokuza sauti. Kwa mfano: “Zumari ni aerofoni, hewa ya bombani hutetemeshwa na ulimi wa majani mawili, na sauti hukuzwa na mdomo mpana wa chini.” Kisha ipewe aya ya pili, ya matumizi yake. Namba haisemi nani huongoza wachezaji, ala inapigwa lini, wala jinsi mpulizaji wa zumari anavyojaza mashavu ili apumue bila kukata wimbo. Hayo huulizwa wapigaji wenyewe.